Ofa Nzuri, Siitaki

Sagrario alikuwa amekasirika kabla hata hajazima gari. Hasira hiyo aliitoa Valladolid, akaja nayo njia nzima mpaka kijijini Valdehornos, na alipoegesha mbele ya nyumba ya mama yake ilikuwa bado mbichi. Mama huyo, Doña Obdulia, alikuwa amepiga simu mara tatu kuifuta intaneti ya nyumba. Mara zote tatu alikata simu akiwa bado na intaneti, tena bora kuliko ile aliyotaka kuifuta.

Mara ya kwanza walimpunguzia bei nusu. Mara ya pili wakamwongezea kasi. Wiki iliyopita, mara ya tatu, wakampa chaneli zote za mpira, yeye mwanamke wa miaka themanini na moja mwenye mtoto wa jicho, ambaye hakuwahi kutazama mpira hata walipocheza wajukuu wake. Na kila zawadi ilikuja na kamba yake. Ukiipokea umefungwa na kampuni mwaka mzima, na ukitoka kabla ya mwaka kwisha unatozwa faini.

"Cheka tu," Sagrario alimwambia kaka yake Fermín kwenye simu alipokuwa njiani. "Wewe uko Madrid, cheka. Ninayekwenda kupambana naye ni mimi."

"Si upige wewe ujifanye yeye? Kila mtu anafanya hivyo."

"Nilimwomba namba ya kitambulisho chake. Akaniambia yeye hajafa. Jina kwenye mkataba ni lake, atapiga mwenyewe."

"Basi msimamie. Alhamisi si mbali."

Alhamisi ndiyo iliyokuwa ikimnyima Sagrario usingizi. Siku hiyo Obdulia alitakiwa kwenda kwa mwanasheria wa mikataba mjini Zamora kutia saini ya kuuza nyumba. Nyumba ilikuwa yake peke yake, aliachiwa na baba yake mzazi, na mume na mke fulani wa Salamanca walikuwa wameipenda kwa ajili ya likizo zao za kiangazi. Baada ya hapo angehamia Valladolid kwa Sagrario, katika chumba cha mjukuu aliyekwisha kuoa. Jambo hilo watoto wawili walilipanga mwezi wa nane, mezani, baada ya kula tikiti. Walipomaliza wakamgeukia mama yao, naye akasema, "Mtakavyoona." Wakaona. Umeme ulikuwa umeshapangiwa siku ya kukatwa, maji hivyo hivyo. Kilichobaki ni intaneti.

Na intaneti yenyewe Obdulia hakuiomba. Waliileta watoto, majira ya baridi yaliyofuata kifo cha baba yao, mama alipoteleza uani na kulala chini kwenye barafu hadi jirani Edelmira alipomsikia. Waliileta ili wafunge kamera mbili, moja sebuleni, nyingine jikoni juu ya kabati la sahani. Tangu hapo Sagrario aliweza kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa anakofanya kazi, akafungua simu yake na kumwona mama yake akimenya viazi. Lilikuwa jambo zuri. Alimwona, akatulia, akarudi kwa wateja wake. Mara nyingine aliona jambo lisilomridhisha, akapiga simu papo hapo: Mama, vaa viatu. Mama, mbona mlango wa friji umeuacha wazi?

Alipoingia, jikoni kulinukia supu ya dengu na soseji. Obdulia alikuwa ameketi kwenye meza ya duara, kitambaa kizito kikimfunika magoti, hita ya umeme ikimchemshia miguu kule chini. Hakuinuka. Alielekeza shavu, akabusiwa.

"Umekonda," alisema.

"Mama, chaneli za mpira."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Niambie imekuwaje tena. Nilikuandikia maneno kwenye karatasi. Ulitakiwa kusema 'nataka kujiondoa', basi. Maneno mawili."

"Nikayasema. Binti mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini nataka kuwaacha. Nitamnyamazia mtu aliyeniuliza kwa upole? Nikamwambia sina matumizi nayo, mimi situmii kompyuta. Akaniambia, lakini mama, televisheni unatazama. Nikamwambia televisheni natazama, ila hakuna kitu. Akasema atanipa chaneli ambazo zina kitu."

"Na wewe ukapokea."

"Sasa ningesema nini? Kile nilichosema kinakosekana ndicho alichonipa."

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa, na Sagrario aliujua kwa sababu aliumwa nao mwenyewe mpaka alipoondoka kijijini. Valdehornos huwezi kumkatalia mtu kavu kavu. Ukiingia nyumba ya watu ukakatiwa keki, ukasema "sitaki" na kunyamaza, umewatukana mpaka marehemu wao. Lazima utoe sababu. Useme umetoka kula sasa hivi. Mwenye nyumba atasema basi kipande kidogo. Useme una sukari. Atasema hii ameipika na asali, asali ni dawa. Useme tumbo halipo sawa, utaletewa na chai ya mnanaa juu yake. Sababu zinakwisha, keki haiishi, na mwisho unakula, tena unasifu. Watu wa pale wamezaliwa humo na wanazikwa humo. Na kampuni ya simu, sijui ni shetani gani aliyewafundisha, wameweka idara nzima inayofanya kazi kwa desturi hiyo hiyo. Wenyewe wanaiita idara ya kubakisha wateja. Sagrario aliiita idara ya mabembelezo.

"Sikiliza," alisema, na sasa alivuta kiti. "Sheria inakupa siku kumi na nne kubadili mawazo kwa kitu ulichokubali kwenye simu. Wiki moja tu imepita tangu ofa ya tatu, nayo ilifuta zile mbili za kwanza. Leo unapiga, unarudisha mpira wao, unafuta kila kitu, faini hakuna. Lakini leo hutoi sababu."

"Bila sababu ni ufidhuli."

"Bila sababu ni usalama. Mama, sababu ni mpini. Wewe unamkabidhi mpini, unabaki umeshika makali, halafu unashangaa unatoka damu. Sema ni ghali, atapunguza bei. Sema ni polepole, ataongeza kasi. Sema unahama, atakuhamishia waya mpaka chumbani kwangu. Usimpe kitu cha kushika. Unamshukuru, unamsifia ofa yake, unaikataa, unaomba namba ya ombi lako. Akirudi, unarudia. Kwa upole vile vile. Huna haja ya kugombana na mtu."

Obdulia alimtazama kwa muda. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini yakikutazama unajua umetazamwa.

"Kushukuru, kusifia, kukataa," alisema.

"Na namba. Hebu tujaribu. Mimi ndiye wao." Sagrario alikaza sauti ikawa ya asali. "Doña Obdulia, inatuuma sana kukupoteza. Tumekosea wapi?"

"Hamjakosea, binti yangu, ila hapa mimi..."

"Hapana! Hapo umeshaanza. 'Ila hapa mimi' ni mpini."

"Nianze upya."

"Doña Obdulia, nikikupa bei nusu?"

"Asante. Ofa nzuri." Obdulia alimeza mate. "Siitaki. Namba, tafadhali."

"Kwa nini huitaki?"

Chini ya meza hita ilialika.

"Ofa nzuri," alisema Obdulia. "Siitaki."

"Umeona? Umekufa? Hujafa."

Walirudia mpaka dengu zikaiva. Sagrario alimwekea ofa za kila namna, akamdekeza, akajiliza, mara moja akajifanya atafukuzwa kazi, na Obdulia akashindwa pale, akamhurumia, wakaanza tena. Kufikia kahawa bibi kizee alikuwa anakataa kama hakimu. Sagrario aliona fahari, na ndani ya fahari hiyo hasira yake ilipoa kidogo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Walipiga kwa simu ya mezani, sauti ikiwa imefunguliwa. Kwanza ikajibu mashine, ikataka waseme kwa maneno machache wanachohitaji. "Kujiondoa," alisema Obdulia kwa sauti ya kanisani. Mashine ikajidai haijasikia. Akarudia. Ukaja muziki, muziki ule ule unaokatikia mahali pamoja kisha unaanza upya. Kwa kununua wanapokea mlio wa kwanza. Kwa kuondoka wanakuchezea santuri.

"Habari za mchana, jina langu ni Wílmer, mazungumzo haya yanarekodiwa. Nina heshima ya kuongea na nani?"

Sauti ilikuwa ya kijana, laini, ya ng'ambo ya bahari, Kolombia kwa matamshi yake. Obdulia alitaja jina lake kamili, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa. Alieleza kwamba anarudisha chaneli alizozipokea wiki iliyopita, yumo ndani ya siku zake kumi na nne, na baada ya hapo anafuta mkataba wote.

"Ah, Doña Obdulia, usiniambie hivyo. Naona hapa umekuwa nasi vizuri tu. Unaweza kunieleza sababu ya kutuacha?"

Sagrario alinyanyua kidole. Obdulia hakukitazama.

"Asante kwa kuuliza, mwanangu. Nataka kufuta tu."

"Nakuelewa kabisa. Lakini naruhusiwa kukufanyia kitu ambacho hatumfanyii kila mtu. Nakuachia kwa nusu ya bei, mwaka mzima, na chaneli zako unabaki nazo."

"Ofa nzuri. Nakushukuru. Siitaki."

"Labda tatizo ni kasi?"

"Wewe ni kijana mwenye adabu. Hapana."

"Kama unasafiri, naweza kuisimamisha laini miezi kadhaa, hulipi chochote, halafu ukirudi unaikuta. Au kama unahama, tunakuhamishia."

Sagrario aliuma mdomo. Huyo sasa alikuwa anapapasa ukuta akitafuta mlango, na mlango wenyewe alikuwa ameukaribia. Obdulia alikunja ncha ya kitambaa cha meza, akaikunjua.

"Na hiyo nayo nzuri. Siihitaji. Naomba uandike ombi langu, unipe namba yake."

"Doña Obdulia, samahani sana kukusumbua, ni wajibu wangu kukueleza. Ukifuta intaneti, namba yako ya mezani inakwenda nayo, inapita humo humo. Naona ni namba ya miaka mingi. Ikishapotea pengine hatuwezi kukurudishia."

Hilo Sagrario hakuwa amelifanyia mazoezi. Namba hiyo aliijua tangu akiwa na miaka saba, aliikariri kabla ya sala. Aliona mkono wa mama yake umesimama juu ya kitambaa.

"Nimekusikia," alisema Obdulia taratibu. "Umefanya vizuri kuniambia. Iende."

Upande wa pili palisikika vidole vikigonga. Kijana alivuta pumzi, akauliza mara ya mwisho, na safari hii haikuwa sauti ya kazi, au labda ilikuwa ya kazi na kijana ni hodari. "Doña Obdulia, kuna kitu chochote ambacho tungeweza kufanya ili ubaki?"

Obdulia alikawia. Alikawia kiasi kwamba Sagrario alianza kumtikisia kichwa.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nyinyi hapana."

Basi ikaisha. Wílmer alisoma namba ya ombi, Sagrario akaiandika nyuma ya mkono. Laini itakatwa ndani ya siku mbili za kazi, ujumbe wa uthibitisho utakuja kwenye simu ya mkononi, kile kisanduku cha intaneti kirudishwe dukani ndani ya mwezi la sivyo atatozwa. Walitakiana heri. Obdulia alimwombea kijana na mama yake, akakata.

Sagrario alipiga kofi mezani. "Mama, umemnyoa bila maji!" Alimkumbatia, akambusu utosini, na kabla hajakaa alikuwa ameshampigia Fermín, sauti wazi, simu kati ya vikombe. "Imekwisha! Ungemsikia. Kijana kamwekea kila kitu mezani, mama anasema tu asante, siitaki."

"Hongera, mama," alisema Fermín. "Basi njia nyeupe. Jumatano jioni nakuja na gari kubwa, tunapakia, Alhamisi asubuhi saini, mchana unakula kwa Sagra."

Obdulia alikuwa anafuta makombo kwa kiganja, anayakusanya ukingoni mwa meza.

"Nawashukuru, wanangu," alisema. "Mmepanga vizuri. Siendi."

Sagrario alicheka. Alidhani mazoezi yanaendelea.

"Mama anatania," alimwambia Fermín.

"Sitanii. Alhamisi sisaini. Nyumba siuzi."

Wote wawili wakasema pamoja. Fermín aliuliza kwa nini. Sagrario aliuliza kwa nini, kwa sauti ya juu zaidi.

"Ni ofa nzuri," alisema Obdulia. "Siitaki."

"Mama, usiniletee hayo," alisema Sagrario. Damu ilikuwa imempanda mpaka masikioni. "Kuna watu wanasubiri kule Salamanca. Nimepaka rangi chumba. Ni tatizo gani? Chumba ni kidogo?"

"Chumba kizuri."

"Tutakuwekea televisheni yako humo ndani," alisema Fermín. "Kubwa."

"Asante, mwanangu. Hapana."

"Basi kiangazi unarudi huko kijijini. Mwezi mzima. Tunakukodia nyumba ya Edelmira."

"Umefikiria vizuri. Hapana."

"Halafu ukianguka?" Sagrario alisimama. "Ukianguka uani kama siku ile? Intaneti umefuta, kamera zinakufa. Nani atakuona?"

"Hakuna," alisema Obdulia. "Hilo nalo nimelifikiria."

Na hapo Sagrario alielewa, na kuelewa kwenyewe kukamchoma. Kila neno alilolisikia ni yeye aliyelipika. Bibi huyu alikuwa amekaa saa nzima mezani akifundishwa kukataa, akakosea, akarudi, akakazana kama mtoto wa shule, na mwalimu akamsifu. Mkuki kwa nguruwe. Kampuni ilipochomwa nao Sagrario alipiga makofi.

"Ulinidanganya," alisema. "Siku zote hizi ulijua utafanya hivi."

"Nilijua leo. Jana nilikuwa sijui kama inawezekana."

"Nani kakutia maneno? Edelmira?"

"Wewe."

"Nipe sababu, mama. Nina haki ya sababu. Mimi ni binti yako, si Wílmer wa kwenye simu."

Basi mezani pale mama yake naye akakasirika. Haikuwa hasira ya kelele. Shingo ilinyooka, sauti ikashuka, na Sagrario, mwenye miaka hamsini na minne, alirudi kukaa bila kuambiwa.

"Sababu nilikuwa nazo mwezi wa nane. Nilizipanga zote. Nilikaa hapa hapa nikingoja mniulize. Mkagawana vitanda, mkagawana kuku wangu, mkajadili kabati lipite dirishani au mlangoni. Ndipo mkaniangalia. Hamkuniuliza kama nataka. Mliniuliza kama nimesikia."

"Ulisema tutakavyoona."

"Nikasema mtakavyoona, na nikadhani mtaona." Aliyasukuma makombo, yakamwagika sakafuni. "Mara ya kwanza nilipopiga kule kwao nilishindwa kweli. Adabu ilinishinda, ni kama ulivyosema. Mara ya pili aliniuliza kijana mmoja, kama huyu wa leo: mama, tufanye nini ili ubaki? Sagra, sikuweza kumjibu. Nilikata simu nikasimama mbele ya friji nikafungua mlango nisionekane uso na hilo jicho lenu. Nikalia mle ndani kwenye baridi. Ukanipigia."

Sagrario alikumbuka. Alikuwa anamhudumia mteja wa dawa ya kikohozi.

"Ukaniambia nafuja umeme," alisema Obdulia.

Kwenye simu Fermín alikohoa.

"Baadaye niliwapigia tena," aliendelea. "Ulinituma wewe, sikatai, lakini nilipiga kwa hamu. Nilitaka kumsikia mtu akinibembeleza nisiondoke. Ni kazi yao, wanalipwa, najua. Mimi si mjinga. Lakini katika dunia nzima, wao ndio peke yao walioniuliza."

Lingefaa kusemwa jambo hapo, na mtu mwenye moyo mwepesi angelisema. Sagrario hakuwa na moyo mwepesi siku hiyo. Alisema kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha gari usiku baba alipokuwa anakufa, kwamba ana mgongo unaomuuma na mama anayemcheza shere, kwamba kama ni hivyo basi asimtafute akivunjika nyonga. Alisema maneno mengine pia. Alichukua koti. Mlangoni mama yake alimletea bakuli la dengu lililofungwa kwa kitambaa, naye alitaka kulikataa bila sababu yoyote, akashindwa, akalibeba. Alilia kwa hasira kutoka Valdehornos mpaka mji wa Toro, katikati ya njia, bakuli likiwa limefungwa mkanda kwenye kiti cha pembeni.

Kesho yake, Jumapili, hakupiga. Jumatatu alifungua simu mara tatu akamwona mama yake akifuma nyuzi zake, akaifunga bila kupiga. Aliona amekonda. Aliona hajavaa viatu. Hakupiga.

Jumanne mchana, duka likiwa kimya, alifungua tena. Skrini ilikuwa nyeusi, na katikati yake maandishi madogo: kamera haipatikani. Alijaribu ya sebuleni. Haipatikani. Alijua vizuri ni nini, namba ya ombi ilikuwa bado haijafutika vizuri nyuma ya mkono wake, lakini vidole havikumsikiliza. Vilipiga namba ya mezani, ile ya utotoni, bila yeye kuvituma. Mwanamke wa mashine akamjibu kwamba namba hiyo haipo.

Aliingia stoo, akafunga mlango, akasimama katikati ya maboksi ya nepi. Alikuwa na hasira na kampuni iliyotii haraka hivyo, na Fermín aliyekuwa ameshawajulisha wa Salamanca kwa ujumbe wa mstari mmoja, na mama yake, na karatasi, na kile kidole alichokinyanyua mbele ya uso wa mtu mzima. Na nafsi yake pia, lakini hiyo aliiacha mwisho. Kisha akatafuta namba ya ile simu ndogo ya vitufe ambayo mama yake huiweka mfukoni mwa aproni na huwa haisikii.

Safari hii aliisikia.

"Hujambo, mwanangu. Sijaanguka."

"Najua." Sagrario aliegemea rafu. Hakuwa na maneno aliyoyafanyia mazoezi. "Mama. Tufanye nini ili ubaki hapo?"

Akasikia kiti kikiburutwa kwenye sakafu ya jikoni, kile kizito, cha baba.

"Ngoja nikae," alisema Obdulia. "Hilo lina jibu refu."